Uwiano wa Sharpe: Namna ya Kulinganisha Mifuko Miwili Isiyofanana

Mfuko mmoja wa uwekezaji wa pamoja unapotangaza kwamba katika miaka mitano umewapa wenye vipande wastani wa asilimia 18 kwa mwaka, na mwingine ukatangaza asilimia 13, takwimu hizo peke yake hazitoshi kuonyesha ni upi uliofanya kazi nzuri zaidi, kwa sababu hazisemi lolote kuhusu njia iliyopitiwa hadi kuzifikia. Huenda bei ya kipande cha mfuko wa kwanza ilikuwa ikipanda na kushuka kwa kiasi kikubwa, kiasi kwamba mtu aliyelazimika kuuza katika mwezi mbaya aliondoka na hasara, ilhali bei ya mfuko wa pili ilipanda kwa utulivu. Kipimo kinachotumika zaidi duniani kuweka mambo hayo mawili, yaani faida na mtikisiko wa bei, katika namba moja ni uwiano wa Sharpe.

Uwiano huo umepewa jina la mchumi wa Kimarekani William Sharpe, ambaye mwaka 1966 alichapisha uchambuzi wa mifuko 34 ya Marekani kwa kipindi cha 1954 hadi 1963, na kugundua kwamba ni mifuko 11 tu iliyoushinda wastani wa hisa wa Dow Jones baada ya mtikisiko kuzingatiwa. Yeye mwenyewe alikiita kipimo hicho kwa jina jingine, lenye maana ya malipo kwa kila kiasi cha mtikisiko, na jina lake likaja kuzoeleka baadaye kwa watumiaji. Mwaka 1990 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya uchumi pamoja na Harry Markowitz na Merton Miller.

Kanuni yenyewe ni fupi:

```
S = (R - F) / M
```

Hapa R ni wastani wa faida ya mfuko, F ni faida ambayo mtu angeipata bila kujiingiza katika hatari ya bei, na M ni mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha kitakwimu kinachoonyesha faida za kila kipindi zimetawanyika umbali gani kutoka kwenye wastani wake. Kwa nafasi ya F hutumika faida ya dhamana za Serikali za muda mfupi, kama zile zinazouzwa na Benki Kuu kwa mnada, kwa kuwa aliyenunua dhamana ya siku 364 na kuishika hadi mwisho anajua tangu siku ya kwanza atalipwa kiasi gani. Kinachogawanywa, basi, si faida yote ya mfuko bali ni ile ziada tu inayopatikana juu ya faida ya dhamana, kwa hoja kwamba meneja hastahili sifa kwa sehemu ambayo mwekezaji angeipata mwenyewe bila kumlipa ada.

Ikichukuliwa kwamba mfuko wa kwanza, wenye faida ya asilimia 18, una mkengeuko wa asilimia 15, na mfuko wa pili, wenye faida ya asilimia 13, una mkengeuko wa asilimia 5, na kwamba wastani wa faida ya dhamana katika miaka hiyohiyo ulikuwa asilimia 8, hesabu inakuwa hivi: ziada ya mfuko wa kwanza ni 10, ambayo ikigawanywa kwa 15 inatoa 0.67, na ziada ya mfuko wa pili ni 5, ambayo ikigawanywa kwa 5 inatoa 1.00. Mfuko wenye faida ndogo ndio wenye uwiano mkubwa.

Wasomaji wengi huishia hapo na kuuona uwiano kama alama za mtihani, wakati maana yake inaonekana vizuri zaidi ikiwekwa katika shilingi. Mtu mwenye shilingi 3,000,000 anayeogopa mtikisiko wa mfuko wa kwanza anaweza kuupunguza kwa kuweka humo 1,000,000 tu na kununua dhamana za Serikali kwa zile 2,000,000 zilizobaki. Kwa wastani atatarajia 180,000 kutoka kwenye mfuko na 160,000 kutoka kwenye dhamana, jumla 340,000, na kwa kuwa ni theluthi moja tu ya fedha zake inayotikisika, mkengeuko wa fedha zake zote utakuwa asilimia 5, yaani shilingi 150,000. Mwenzake anayeziweka zote 3,000,000 katika mfuko wa pili ana mkengeuko uleule wa 150,000, lakini wastani wa faida yake ni 390,000. Wote wawili wamebeba mzigo ulio sawa, na mmoja amelipwa 50,000 zaidi kila mwaka, na hiyo tofauti ya 50,000 ndiyo ambayo namba 0.67 na 1.00 zinaieleza.

Hoja hiyo ina upande wa pili ambao vitabu vingi huupita haraka, na ambao kwa mwekezaji wa Dar es Salaam au Nairobi una uzito mkubwa. Nadharia inasema kwamba anayetaka faida kubwa kuliko asilimia 13 hana haja ya kuhamia mfuko wa kwanza, kwa kuwa anaweza kukopa na kuongeza uwekezaji wake katika mfuko wa pili: akiwa na 1,000,000 yake na mkopo wa 2,000,000 kwa riba ya asilimia 8, atapata 390,000, atalipa riba 160,000, na kubakiwa na 230,000, ambayo ni asilimia 23 ya fedha zake, kwa mtikisiko uleule wa asilimia 15. Hesabu hiyo ni sahihi kwa yule tu anayekopeshwa kwa riba ambayo Serikali hulipa, na mtu wa kawaida hakopeshwi hivyo. Benki ikimtoza asilimia 16, riba itakuwa 320,000 na kitakachobaki ni 70,000, yaani asilimia 7, chini hata ya dhamana alizoziacha. Kwa hiyo uwiano mkubwa unamsaidia moja kwa moja anayetaka kupunguza mtikisiko, lakini haumsaidii vilevile anayetaka faida kubwa kuliko ile ambayo mfuko tulivu unaweza kuitoa. Kijana anayeweka akiba ya miaka 25, ambaye hatauza hata bei ikishuka, anaweza kuuchagua mfuko wenye 0.67 kwa sababu za msingi, na hatakuwa amekosea hesabu.

Jambo linaloamua matokeo kuliko linavyodhaniwa ni F. Katika mfano huu, kama wastani wa faida ya dhamana ungekuwa asilimia 12 badala ya 8, ziada ya mfuko wa kwanza ingekuwa 6 na uwiano wake 0.40, na ziada ya mfuko wa pili ingekuwa 1 tu na uwiano wake 0.20, hivyo mshindi angebadilika bila mfuko wowote kubadilisha chochote. Kiwango ambacho mifuko hii miwili inalingana ni asilimia 10.5, ambapo kila mmoja unapata 0.50, na chini ya hapo mfuko wa pili unaongoza na juu ya hapo mfuko wa kwanza. Mfuko tulivu huathirika zaidi kwa sababu ziada yake ni ndogo na kigawanyo chake ni kidogo pia, kiasi kwamba pointi moja ya F inapunguza uwiano wake kwa 0.20, huku ikipunguza ule wa mwenzake kwa chini ya 0.07.

Katika nchi ambazo faida ya dhamana haisogei sana suala hili ni dogo, lakini Afrika Mashariki si hivyo. Nchini Kenya faida ya dhamana za siku 364 ilivuka asilimia 16 mwaka 2024, kisha ikashuka chini ya asilimia 10 mwaka 2025, na mtu anayechukua kiwango cha mnada wa juzi na kukitumia kwa faida za miaka mitano iliyopita anaweza kupata mshindi asiye wa kweli. Kinachotakiwa ni kiwango cha kila mwezi wa kipindi kinachochunguzwa, au angalau wastani wa kipindi hicho, kwa sarafu ileile ya mfuko. Mfuko wa shilingi haulinganishwi na dhamana za dola, wala vipeperushi viwili vilivyotumia F tofauti haviwezi kulinganishwa, hata kama vyote vimeandika maneno "uwiano wa Sharpe". Ndiyo maana inashauriwa hesabu ifanywe na mwekezaji mwenyewe, akitumia takwimu za pamoja kwa mifuko yote miwili.

Kazi hiyo inaanza kwa kukusanya bei ya kipande ya siku ya mwisho ya kila mwezi, kwa miezi 37 mfululizo ili kupata faida za miezi 36, na miezi hiyo lazima iwe ileile kwa mifuko yote miwili. Faida ya mwezi ni bei mpya pamoja na gawio lililolipwa, ikigawanywa kwa bei ya zamani, kisha kutolewa moja. Kipande kikitoka shilingi 512 na kufika 516 katika mwezi ambao gawio la shilingi 3 lilitolewa, faida ni asilimia 1.37, na anayesahau gawio atapata 0.78 tu. Kosa hili huonea mifuko inayogawa mapato kila mwezi au kila robo mwaka, na kuipendelea ile inayoyarudisha ndani ya kipande. Ada ya uendeshaji kwa kawaida huwa imekwisha kukatwa kabla bei ya kipande haijatangazwa, lakini ada ya kuingia au ya kutoka, pale inapotozwa, haimo katika bei hiyo na inabidi ihesabiwe kando.

Namna mkengeuko unavyopatikana inaeleweka kwa mfano wa miezi sita ambayo mfuko ulipata, kwa asilimia, 2, −1, 4, 0, 3 na −2. Wastani ni 1. Umbali wa kila mwezi kutoka kwenye wastani ni 1, −2, 3, −1, 2 na −3, na vipeo vyake vya pili, ambavyo huondoa alama za kutoa, vinajumlisha 28. Jumla hiyo inagawanywa kwa 5, yaani idadi ya miezi ikipunguzwa moja, na kutoa 5.6, ambayo kipeuo chake cha pili ni takriban 2.37. Ili kupata takwimu za mwaka, wastani huzidishwa kwa 12, lakini mkengeuko huzidishwa kwa kipeuo cha pili cha 12, ambacho ni takriban 3.46, kwa kuwa miezi mizuri na mibaya hufutana kwa sehemu. Mfuko huo, basi, una wastani wa asilimia 12 na mkengeuko wa asilimia 8.2 kwa mwaka. Kosa la kuchanganya faida ya mwaka na mkengeuko wa mwezi hutokea mara nyingi, na hujulikana kwa dalili moja: uwiano hutoka mkubwa mara tatu na nusu kuliko unavyostahili.

Kwenye kompyuta kazi yote ni mstari mmoja. Faida za mfuko zikiwa safu ya B, faida za dhamana za mwezi, ambazo kwa makadirio ni kiwango cha mwaka kilichogawanywa kwa 12, zikiwa safu ya C, na tofauti ya B na C ikiwa safu ya D, uwiano wa mwaka ni:

```
=AVERAGE(D2:D37)/STDEV.S(D2:D37)*SQRT(12)
```

Kanuni hii inapima mkengeuko wa ziada badala ya ule wa faida yote, kama Sharpe mwenyewe alivyoeleza katika makala yake ya mwaka 1994, na kwa kuwa dhamana hazitikisiki sana ndani ya mwezi, tofauti ya majibu huwa ndogo.

Hatari kubwa zaidi kwa msomaji wa Afrika Mashariki haimo katika kanuni, bali katika bei zenyewe. Mkengeuko unapima mtikisiko wa bei iliyotangazwa, na bei iliyotangazwa si lazima iwe bei ambayo mali za mfuko zingeuzwa sokoni siku hiyo. Mfuko ulioshika hatifungani za Serikali za miaka 20 unaweza kuzithamini kwa gharama ya ununuzi pamoja na riba inayojilimbikiza siku hadi siku, na kwa utaratibu huo bei ya kipande itapanda kama mstari uliochorwa kwa rula. Hata hivyo, hatifungani ya miaka 20 yenye riba ya asilimia 15 hupoteza takriban asilimia 11 ya thamani yake sokoni ikiwa faida inayodaiwa na wanunuzi itapanda kutoka 15 hadi 17, na anguko hilo halitaonekana popote katika safu ya B. Mfuko wa namna hiyo ukiwa na ziada ya asilimia 3 na mkengeuko wa 0.5 utapata uwiano wa 6, namba ambayo hakuna meneja wa hisa anayeweza kuikaribia kwa miaka, na ambayo inaeleza mbinu ya uthamini kuliko ustadi wa uwekezaji. Hisa zisizouzwa kwa wiki kadhaa, jambo la kawaida kwa baadhi ya kampuni katika masoko madogo, huleta athari hiyohiyo kwa kiasi kidogo, maana bei ya zamani huendelea kuandikwa kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ulaini wa bei unaweza kupimwa. Pale bei inapofuata soko, mwezi mzuri hausemi mengi kuhusu mwezi unaofuata, ilhali pale bei inapolainishwa, kila mwezi hufanana na uliotangulia. Kanuni ifuatayo inapima mfanano huo kwa namba kati ya −1 na 1:

```
=CORREL(B2:B36,B3:B37)
```

Jibu lililo karibu na sifuri halitii shaka. Jibu la 0.5 au zaidi linamaanisha kwamba mkengeuko wa mwezi unapunguza ukweli, na kwamba kuuzidisha kwa 3.46 hakutoshi kuufikisha kwenye mkengeuko wa mwaka. Andrew Lo, katika uchunguzi aliouchapisha mwaka 2002, alionyesha kwamba kwa sababu hii uwiano wa mwaka wa mfuko unaweza kukuzwa kwa hadi asilimia 65. Yapo pia ya udanganyifu mtupu: mifuko iliyokuwa ikikusanya fedha kwa ajili ya Bernard Madoff huko New York ilionyesha kwa miaka mingi faida iliyopanda karibu kila mwezi, na uwiano wa kupendeza mno, hadi Desemba 2008 ilipobainika kwamba biashara yenyewe haikuwapo.

Hata bei zikiwa za kweli, miezi 36 ni michache. Kosa la makadirio la uwiano wa mwaka, yaani umbali ambao bahati peke yake inaweza kuusogeza juu au chini, hukaribia moja ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya miaka, kwa mifuko yenye uwiano wa kawaida. Kwa miaka mitatu kosa hilo ni karibu 0.58, na kwa miaka kumi ni karibu 0.32. Mifuko ya mfano wetu ina 0.67 na 1.00, na pengo la 0.33 kati yake ni dogo kuliko kosa la kila mmoja kwa miaka mitatu, hivyo kudai kwamba meneja wa pili ni bora kwa ushahidi huo ni kupita mpaka wa takwimu. Pengo kama 0.67 dhidi ya 0.70 halifai hata kutajwa, ingawa matangazo hupenda kuliandika kwa desimali mbili.

Ipo hali moja ambayo uwiano haupaswi kutumika kabisa, nayo ni pale mfuko unapopata chini ya dhamana. Mifuko miwili iliyopata asilimia 4 wakati dhamana zililipa 8, mmoja ukiwa na mkengeuko wa 5 na mwingine wa 10, itapata −0.80 na −0.40, na kwa kusoma namba tu uliotikisika zaidi utaonekana bora, ingawa umetoa kilekile kwa usumbufu maradufu. Uwiano ukiwa hasi, hitimisho linalofaa ni kwamba katika kipindi hicho mwekezaji angekuwa amefanya vyema zaidi kununua dhamana.

Kwa mifuko miwili ya mfano, kama F ya kipindi ilikuwa 8 na jaribio la mfanano wa miezi likatoa jibu dogo, mfuko wa pili ndio unaofaa kwa ada ya shule au kiwanja kitakachonunuliwa ndani ya miaka michache, hata kama pengo la uwiano halijathibitika, kwa sababu mtikisiko wake mdogo unaonekana kwa uhakika zaidi kuliko faida yake. Kama jaribio litatoa 0.5 au zaidi, hesabu isimame hapo, na swali moja liulizwe kwa meneja kwa maandishi kabla fomu ya kununua vipande haijatiwa saini: hatifungani za mfuko zinathaminiwa kwa bei ya soko, au kwa gharama ya ununuzi?